Bando Letu Halikuliwa na Mtoto wa Mpira

Ndugu zetu mlioko Bwera, Mpondwe na Kasese, na ninyi wakubwa wetu wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuacha hata alama, leo hatuandiki shukrani. Tunaandika juu ya GB 10 zilizokwisha kwa siku mbili, juu ya mtoto tuliyemwonea, na juu ya swichi moja ndani ya laptopu ambayo hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuko vijana sita, tunakutana kwenye chumba kimoja cha kupanga hapa Bwera, karibu na barabara inayoteremka kwenda mpakani. Wengi wetu tulivuka kutoka upande wa Kasindi. Wengine makaratasi yao ni ya Rwamwanja, lakini shule, ndugu na vibarua vimewaleta huku wilaya ya Kasese. Shirika moja lilitupa laptopu tatu zilizokwisha kutumika na ruta ndogo, ile ya kuweka laini ya simu ndani yake ikarusha waifai chumba kizima. Bando tunajichangia wenyewe. Kila mwanzo wa mwezi tunanunua GB 10, na kwa hesabu yetu zinatosha: kuandika barua za wazee, kujaza fomu, kusoma kozi, na WhatsApp ya kuulizia habari za Beni na Butembo.

Mwezi ule tuliingiza bando Ijumaa jioni. Jumapili asubuhi dada yetu mmoja akafungua laptopu apakie vyeti vyake, maana maombi ya masomo yalikuwa yanafungwa Jumatatu. Ukurasa ukagoma. Tukaangalia salio kwenye ruta: sifuri.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulitafuta mwizi. Macho yote yakamwendea mdogo wetu wa miaka 15 anayependa mpira kuliko chakula. Mmoja wetu akasema, "Ni huyu! Usiku mzima alikuwa na simu, anaangalia mupira." Mtoto akakana. Tukamwambia asitudanganye. Tukabadilisha nywila ya waifai, tukamnyima wiki mbili nzima. Tulipokwenda kuomba msaada wa bando kwa wale waliotupa laptopu, tukajibiwa kwa upole kwamba vijana tupunguze mafilamu. Dada akaazima simu ya jirani, vyeti viwili vikapanda, viwili vikakwama, Jumatatu ikapita. Mwaka wake wa masomo ukaenda hivyo.

Baadaye mmoja wetu anayejitolea kufundisha kompyuta akasema tusibishane, tuulize laptopu zenyewe. Kumbe laptopu huandika kila ilichokula. Kwenye Windows 11 unafungua `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha `Advanced network settings`, kisha `Data usage`. Pale unachagua jina la waifai yako, unaona kila programu imetumia kiasi gani. Halafu ukitaka kujua sehemu ya apdeti peke yake, unarudi `Settings`, unaingia `Windows Update`, `Advanced options`, `Delivery Optimization`, kisha `Activity monitor`. Hapo kuna hesabu ya apdeti zilizoshushwa tangu mwezi uanze.

Tulikaa chini na kalamu. Laptopu ya kwanza: GB 4.6 za apdeti. Ya pili: GB 2.2 za apdeti. Ya tatu haikuwa na apdeti kubwa, lakini OneDrive ilikuwa imechukua picha na nyaraka zote za mtumiaji wa zamani zilizobaki ndani yake, ikawa inazipandisha juu kwenye akaunti yake, GB 1.4. Na hapa wengi wetu tulijifunza jambo: bando halihesabu kinachoshuka tu, linahesabu na kinachopanda. Jumlisha: GB 8.2. Toa kwenye 10. Zinabaki GB 1.8, na hizo ndizo tulizotumia binadamu sita, laptopu na simu zote pamoja, mtoto wa mpira akiwa ndani yake.

Yaani tulimhukumu mtu kwa GB 8 ambazo hakuna mtu aliyezigusa.

Kwa nini laptopu ilifanya hivyo? Haikuharibika, wala haikuwa na virusi. Ilifanya kama ilivyopangwa. Windows huamua kwa kuangalia aina ya muunganisho. Ukiweka laini ya simu ndani ya laptopu yenyewe, ile laptopu yenye tundu la laini, Windows inajua kuwa hapa watu wanalipia kwa kipimo, inajizuia. Lakini ikiona waifai, inadhani nyuma yake kuna waya unaolipiwa kwa mwezi na hauishi. Haijui kwamba nyuma ya waifai yetu kuna laini ya simu na bando la kukwangua. Ni kama mgeni anayekuta jerikani limejaa maji uani, akadhani kuna bomba nyuma ya nyumba, akaoga maji yote. Hana nia mbaya. Lakini mwenye nyumba asipomwambia, kosa litarudi kesho.

Na laptopu za msaada ni wageni wenye kiu kubwa zaidi. Zimekaa kwenye boksi miezi mingi, stoo moja hadi nyingine. Siku zinapopata waifai ya kwanza zinaanza kushusha yote ziliyokosa, kimyakimya, hasa pale mmeziacha wazi bila kazi. Ndiyo maana bando liliisha usiku, tukiwa tumelala. Na ndiyo maana tulimshuku aliyekuwa macho usiku.

Basi dawa ni kuiambia laptopu ukweli: waifai hii ina mita. Sisi tunaiita hivyo, waifai yenye mita, kama umeme wa Yaka. Hatua zake ni hizi, na hazihitaji intaneti kuzifuata.

Unganisha laptopu na waifai yako. Fungua `Settings`, ingia `Network & internet`, bonyeza `Wi-Fi`, halafu bonyeza mstari wenye jina la waifai yako na neno `properties`. Shuka chini kidogo utaona `Metered connection`. Iwashe, isome `On`. Kwenye Windows 10 njia ni ileile, ila unabonyeza jina la waifai lenyewe, na swichi inaitwa `Set as metered connection`.

Usiishie hapo. Kuna mlango wa nyuma. Rudi `Settings`, `Windows Update`, `Advanced options`, utafute `Download updates over metered connections`. Hiyo lazima isome `Off`. Ikiwa mtu aliiwasha zamani, mita yako ni bure, apdeti zitapita humo humo.

Utajuaje imeshika? Fungua ukurasa wa `Windows Update`. Kama kuna apdeti ya kawaida inayosubiri, haitaanza kushuka yenyewe, itakaa pale na kitufe ikingoja mtu aibonyeze. OneDrive nayo itatoa taarifa kwamba imesimama kwa sababu ya mtandao wenye mita. Ukiona hivyo, umeshinda. Kisha wiki moja baadaye rudi kwenye `Data usage` uone namba. Usiamini swichi peke yake, amini namba.

Kwa wanaotunza laptopu nyingi, kwa mfano kituo cha vijana chenye mashine 10, kuna njia fupi. Fungua `Command Prompt`, andika mistari hii, na mahali pa JINA weka jina la waifai kama lilivyo, herufi kwa herufi:

```
netsh wlan show profiles
netsh wlan set profileparameter name="JINA" cost=Fixed
netsh wlan show profile name="JINA"
```

Mstari wa kwanza unaonyesha majina yote ya waifai ambayo laptopu inayakumbuka. Wa pili unaweka mita. Wa tatu unakagua: karibu na mwisho utaona neno `Cost`, na mbele yake lazima pasomeke `Fixed`. Siku ukitaka kuondoa mita, unarudia mstari wa pili na kuandika `cost=Unrestricted`.

Sasa tuseme na mipaka yake, maana hatutaki kesho mtu aje kutuita waongo.

Mita inashikana na jina la waifai. Sisi wenyewe tuliumwa hapo. Tuliweka mita kwenye ruta ya chumbani, wiki iliyofuata ruta ikazima, tukatumia hotspoti ya simu ya mwenzetu. Kwa laptopu ile ni waifai mpya yenye jina jipya, kwa hiyo inaanza tena na dhana yake ya zamani kwamba maji hayaishi. Kila jina jipya, weka mita upya. Ukibadilisha jina la ruta, weka upya. Ukibonyeza `Forget` kisha ukaunganisha tena, weka upya. Na ukiunganisha simu kwa waya wa USB badala ya waifai, laptopu itaiona chini ya `Ethernet`, si chini ya `Wi-Fi`, na huko kuna swichi yake nyingine ya `Metered connection`.

Pia mita si kufuli. Ni ombi. Windows yenyewe inalisikia, OneDrive inalisikia, duka la programu linasimamisha apdeti zake. Bado Windows inaweza kushusha kidogo kile inachoona ni lazima ili mashine iende vizuri. Lakini kivinjari chako hakijali. Ukifungua video, itacheza kwa ubora uleule. Na programu zenye kijana wake wa apdeti wa peke yake zinaweza zisisikilize chochote. Kwa hiyo bado kuna kazi ya binadamu. Tofauti ni kwamba sasa unachopambana nacho unakiona kwenye kioo.

Tulipoanza kuwaambia watu haya, majibu matatu yalikuja, na tunataka kuyajibu hapa wazi.

Wa kwanza ni ndugu zetu wenyewe, mafundi wa mtaani, wanaosema: "Mbona munahangaika? Ua apdeti kabisa." Wanaingia ndani wanazima huduma yote ya Windows Update, wanachukua elfu zao, wanakwenda. Hapana. Apdeti nyingi ni za kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua. Laptopu yetu moja ina nakala za makaratasi ya hifadhi za familia nne, namba za watu, majina ya watoto. Mkimbizi ana sababu zaidi ya mtu mwingine kutotaka mashine yake iwe na mlango wazi. Mita haiui apdeti. Inasema tu: ngoja, nitakuambia lini na wapi. Aliyeiua apdeti hatakumbuka kuifufua, hata siku akifika kwenye waifai ya bure.

Wa pili ni mtu wa mashirika, mwema kabisa, anayesema tukiweka mita tutachelewa apdeti za usalama. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kalenda. Apdeti kubwa za Windows hutolewa kila mwezi Jumanne ya pili, kwa saa zetu ni usiku, saa mbili au saa tatu. Basi sisi tumeweka kwamba kila wiki inayofuata Jumanne ya pili, mmoja wetu anayekwenda Kasese mjini anabeba laptopu zote tatu kwenye begi, hadi mahali penye waifai isiyo na kipimo ambapo tumeruhusiwa kukaa. Waifai ile haina mita, kwa hiyo zinashusha zenyewe, tunazibonyeza tu zisichelewe. Asiyeweza kwenda Kasese na ana bando la usiku la bei nafuu, aondoe mita usiku ule, ashushe akiwa macho, kisha airudishe kabla hajalala. Kuchelewa siku saba huku unajua unachelewa ni bora kuliko kubaki bila intaneti wiki tatu, maana laptopu isiyo na bando nayo haipati apdeti ya usalama.

Wa tatu ndiye anayetuudhi. Ni yule anayesema: "Nunueni bando kubwa." Ndugu, pesa hiyo ni ya nani? Tangu 1 Julai 2018 nchi hii ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ushuru ule ukaondolewa, ukaja mwingine wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tazama tofauti. Zamani ulilipa kwa siku, ukitumia MB 5 au GB 5 ni zilezile 200. Leo ushuru umo ndani ya bei ya bando, unaulipa kwa kila unachonunua. Maana yake GB 8.2 zetu zilizoliwa na apdeti tukiwa tumelala, tumezilipia bei na tumezilipia ushuru pia. Na bando kubwa halitibu chochote, linampa tu mgeni yuleyule jerikani kubwa zaidi. Laptopu zilizokosa apdeti za mwaka mzima zinaweza kumaliza GB 20 kama zilivyomaliza 10, ikiwa ziko tatu.

Sasa tunageukia ninyi wa mashirika, na tunasema kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Mnapogawa laptopu mnapiga picha, mnasainisha karatasi, mnafundisha siku mbili jinsi ya kufungua barua pepe na kutengeneza wasifu wa kazi. Tunashukuru. Lakini mnazigawa zikiwa na kiu, kwenye vyumba vya bando la kuchanga, halafu bando likiisha mnauliza vijana wanaangalia nini. Swali hilo linauma kwa sababu linaanza na jibu. Sisi tumezoea kushukiwa mpakani, kwenye basi, kwenye foleni. Hatukutegemea kushukiwa na mashine tuliyopewa zawadi.

Tunaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Kabla laptopu haijatoka ofisini kwenu, iacheni siku moja kwenye intaneti yenu imalize apdeti zote. Toeni akaunti ya mtumiaji wa zamani, OneDrive yake isije kupandisha picha zake kwa bando letu. Kama mipangilio imefungwa na fundi wenu mkuu, mtu wa Bwera akibonyeza `Metered connection` akutane na mlango uliofungwa, basi fungueni hicho kimoja. Na kwenye yale mafunzo ya siku mbili, wekeni nusu saa ya kitu hiki: kila kijana aweke mita kwenye waifai anayotumia nyumbani, kwa mkono wake, na aonyeshwe `Data usage`. Siku mtakapotaka kujua bando limekwenda wapi, hamtatuuliza sisi wala hatutamuuliza mtoto. Tutafungua ukurasa pamoja na kusoma.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Swichi ile ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyetuzuia kufungua `Settings`. Tulikuwa tayari kumhukumu mtu wetu kabla ya kukagua mashine, kwa sababu ya mtu unaweza kumfokea na mashine haisikii. Hilo ni kosa letu na tunalikiri hapa mbele ya wote.

Mwezi wa kwanza baada ya kuweka mita, GB 10 zilifika siku ya 27. Hatukubadilisha kitu kingine. Mdogo wetu amerudishiwa nywila, tumemwomba msamaha mbele ya mama yake, na sasa yeye ndiye anayekagua laptopu zote kila Ijumaa na kuandika namba kwenye daftari. Dada anangoja maombi ya mwaka ujao. Vyeti vyake vyote vinne viko tayari, na safari hii atavipakia wiki moja mapema, kwa bando ambalo tunajua liko wapi.

Ukimaliza kusoma hapa, usitupe kidole gumba tu. Fungua laptopu yako, angalia `Data usage`, uandike hapo chini umekuta nini. Halafu fikiria ni nani nyumbani kwenu uliyemlaumu.